Dereva ambaye hakuahidiwa

*"Shikamoo mwalimu. Nipo kwenye kampuni ya kliaringi hapa Dar, karibu na bandari. Mteja wetu wa Lubumbashi alituandikia kwa Kifaransa, na kijana wetu aliyesoma Kifaransa sekondari akaitafsiri barua kwa Kiingereza. Bosi alipoona mteja anadai na kupuuza, akamjibu kwa ukali. Nyaraka ambazo dereva wake angeleta hatujaziona hadi leo, na kontena linakula ada ya storeji bandarini. Mteja anasema hakuahidi kitu. Nimeambatisha barua zote mbili. Nani amekosea? Na mimi nisiyejua Kifaransa nitagunduaje mapema?"*

Marahaba, mwanangu. Nimezisoma barua zote mbili, ya mteja na ya kijana wenu, nikiwa nimeziweka kando kwa kando. Mteja wenu hajadanganya. Bosi wako naye hakukasirika bure, kwa sababu barua aliyoisoma ilikuwa kali kweli, ila haikuwa ile aliyoandika mteja. Nimeondoa majina na namba, na kiini chake ni hiki:

```
Nous demandons un délai de dix jours pour payer la caution.
Nous ignorons le nombre de jours de franchise.
Actuellement nous ne disposons pas des documents originaux.
Éventuellement, notre chauffeur vous les remettra.
```

Na hivi ndivyo ilivyomfikia bosi wako:

```
We demand a delay of ten days to pay the caution.
We ignore the number of days of franchise.
Actually we do not dispose of the original documents.
Eventually, our driver will give them to you.
```

Tuanze na sentensi ya mwisho, maana ndiyo iliyowaletea storeji. Neno "éventuellement" kwa Kifaransa halina habari yoyote ya wakati. Maana yake ni "pengine", "ikibidi", "ikitokea nafasi". Mteja alikuwa anasema: huenda dereva wetu akawaletea. Hata yeye alikuwa bado hajaamua. Lakini "eventually" ya Kiingereza ni "hatimaye", yaani jambo litatokea tu, hata kama si leo. Kwa hiyo "huenda" ikageuka "mwisho wa yote ataleta". Ninyi mkakaa mnamsubiri dereva ambaye hakuna mtu aliyemtuma, na Lubumbashi wakakaa wakisubiri muwaulize kama nyaraka zitumwe kwa njia nyingine. Siku za bure zikaisha pande zote mbili zikiwa zimetulia.

Angalia jinsi kosa hilo lilivyojificha. Sentensi ya Kiingereza ni safi kabisa. Ina mantiki, ina adabu, na inasema jambo ambalo mteja yeyote angeweza kusema. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitilia shaka. Sentensi ya kwanza ilimkera bosi, na ukali ule angalau ulimfanya aandike, mteja ashangae, na ninyi mrudi kwenye barua. Hii ya mwisho haikumkera mtu, ndiyo maana ilikaa kimya mpaka bili ikaja. Katika kazi hii nimejifunza kuogopa zaidi tafsiri inayosomeka vizuri kuliko ile inayokwaruza.

Sasa kwa nini maneno yafanane hivyo na yasikubaliane? Kiingereza kilichukua maelfu ya maneno ya Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Neno likishahama nyumba, linaendelea kuishi kivyake. Kule lilikotoka linaelekea upande mmoja, huku lilikohamia linaelekea mwingine, na sura inabaki ileile. Wafaransa huyaita marafiki wa uongo. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuelewa. Mtu wa Temeke akikuambia "mama ana presha", unajua anazungumzia ugonjwa wa shinikizo la damu. Mwingereza akisikia neno lake "pressure" atadhani mama ana kazi nyingi. Na neno letu wenyewe "safari" lilipoingia Kiingereza lilibaki na maana ya kwenda kuangalia wanyama. Ukiandika kwa mteja wa nje kwamba mkurugenzi yuko "on safari", wewe unamaanisha yuko Mwanza kikazi, yeye anaona tembo wa Serengeti.

Kijana wenu hakufanya uzembe wa ajabu. Aliona neno analolijua sura, akalipa maana anayoijua. Aliyesoma lugha miaka michache hukamatwa na mtego huu kuliko asiyeijua kabisa, kwa sababu asiyeijua hufungua kamusi kwa kila neno, na aliyeijua kidogo hufungua kwa maneno yanayoonekana mageni tu. Maneno haya mapacha hayaonekani mageni.

Turudi juu ya barua. "Nous demandons" ni "tunaomba". Nisikudanganye, Kifaransa kina namna laini zaidi ya kuomba, na ndani ya barua ya biashara "nous demandons" inaweza kuwa na uzito fulani. Lakini bado ni ombi. Mfaransa au Mkongo akitaka kudai kweli ataandika "nous exigeons". Akifika hatua ya kisheria ataandika "mise en demeure", ambayo ni notisi rasmi ya kukutaka utimize wajibu wako kabla hajachukua hatua. Hapa ndipo pana jambo la kukaa nalo: maneno hayo mawili hayana pacha anayetisha kwa Kiingereza. Macho ya asiyejua Kifaransa yatapita juu ya "mise en demeure" bila kusimama, yakagande kwenye "demandons" ambayo ni "naomba" tu. Hofu inakwenda kwenye neno lisilo na hatari.

"Délai" ni muda uliopangwa kwa ajili ya kufanya jambo. "Délai de paiement" ni muda wa kulipa. Mteja aliomba apewe siku kumi za kulipa. Hakudai jambo licheleweshwe. Na neno hili linaweza kugeuza maana kichwa chini miguu juu. Ukikuta imeandikwa kwamba mzigo umefika "dans les délais", maana yake umefika ndani ya muda, haukuchelewa. Nimeshaona ikitafsiriwa kwamba mzigo umefika kwa kuchelewa, na mtu akaanza kuandika barua ya malalamiko kwa msafirishaji aliyewahi. Jambo la kuchanganya zaidi ni kwamba "sans délai" ni "mara moja", na hapo inakubaliana kabisa na Kiingereza "without delay". Kwa hiyo pacha huyo haongopi kila siku. Ndiyo maana kukariri orodha ya maneno hakutoshi. Inabidi uangalie neno limekaa na nani.

"Caution" na "franchise" ni maneno ya kazi yenu wenyewe. Kwa Kiingereza la kwanza ni tahadhari, la pili ni leseni ya kufanya biashara kwa jina la kampuni nyingine. Kwa Kifaransa cha bandarini, "caution" ni amana, ile dipoziti ambayo kampuni ya meli hushikilia kontena linapovuka mpaka, mpaka lirudi tupu. "Jours de franchise" ni siku za bure kabla dimareji, ile ada ya kampuni ya meli kontena likikaa kupita muda, au storeji haijaanza kuhesabiwa. Bahati nzuri haya mawili hujifichua: "kulipa tahadhari" haileti maana kwa mtu yeyote. Kijana wenu aliliona hilo, nadhani, akaliacha kwa sababu alidhani ni lugha ya kitaalamu asiyoijua. Mwambie kwa upole kwamba sentensi isiyoeleweka ni kengele, na kengele ikilia mtu huuliza.

"Nous ignorons" ni "hatujui". Mteja alikuwa anakiri kwamba hajui siku za bure ni ngapi, yaani anawaomba mumwambie! Bosi akasoma kwamba anazipuuza. Hili ndilo lililoniuma zaidi katika barua yenu, kwa sababu mtu aliyeuliza swali alijibiwa kwa karipio, na swali lake halikujibiwa. "Actuellement" ni "kwa sasa", si "kwa kweli". Na "ne disposons pas" ni "hatuna mkononi". Kwa hiyo sentensi ya tatu nzima ni: kwa sasa hatuna nyaraka halisi mkononi. Kiingereza kiliisema kana kwamba hawana mpango wa kuzitupa.

Hilo la "disposer" lilinipata mimi pia zamani. Nilitafsiri barua ya muuzaji kahawa aliyesema "nous disposons de 400 sacs", yaani tuna magunia 400. Niliandika kwa Kiingereza kwamba wana "dispose of" magunia 400, na mnunuzi akaelewa kwamba wanayaondoa ghalani kwa bei yoyote. Akatoa bei ya chini mno. Muuzaji alikasirika akakata mawasiliano, na mimi ndiye niliyejua sababu, wiki tatu baadaye, niliporudia barua ya mwanzo. Tangu hapo siipeleki tafsiri ya biashara kabla sijairudia kwa namna nitakayokueleza sasa.

Umeuliza utagunduaje bila kujua Kifaransa. Unaweza kugundua mengi, ingawa si yote. Kwanza soma tafsiri ukijiuliza kama mtu mwenye hali ile angesema vile. Nani anadai ucheleweshaji? Mteja anayelipia storeji ndiye wa mwisho kutaka siku ziongezeke. Tazama pia mwanzo na mwisho wa barua. Mteja wenu alifunga kwa salamu ndefu za heshima, kama Wakongo wengi wanavyoandika. Barua ambayo kichwa na miguu yake vina adabu na tumbo lake lina matusi, aghalabu tumbo limetafsiriwa vibaya.

Hatua hiyo itakukamatia yale yanayokwaruza. Kwa yale yanayosomeka vizuri, kama "eventually", kuna njia nyingine, na hii ndiyo ningependa uishike. Weka barua mbili kando kwa kando, asili kushoto na tafsiri kulia. Chukua kalamu upigie mstari kila neno la kulia linalofanana sura na neno la kushoto. Huhitaji kujua Kifaransa kuona kwamba "éventuellement" na "eventually" ni mapacha, au "ignorons" na "ignore". Kwenye barua yenu nimepata maneno kumi na mawili. Sasa yafungulie kamusi, si kuona kama tafsiri ipo, bali kuona maana zote zilizoorodheshwa na mifano yake. Mengine utakuta hayana shida: "documents" ni nyaraka kotekote, na "original" vilevile. Utabaki na manane. Kazi hiyo kwa barua fupi ni ya robo saa, ambayo ni nafuu kuliko siku moja ya storeji.

Kisha kila ahadi iliyomo kwenye tafsiri iulize maswali mawili: nani, na lini? "Dereva wetu ataleta" ina nani, haina lini. Ahadi isiyo na tarehe ndiyo mahali ambapo mapacha hupenda kukaa. Usianze kuitegemea kabla hujaandika kuomba tarehe. Mngemuuliza mteja "dereva anafika tarehe ngapi?", angejibu siku ileile kwamba hajamtuma dereva yeyote.

Kuhusu simu: piga, hasa kwa Lubumbashi ambako Kiswahili kinazungumzwa. Sauti huondoa ukali uliowekwa na tafsiri. Ila usiifanye simu kuwa ndiyo kumbukumbu yenu. Kiswahili cha kule kina maneno yake, na mara nyingi namba hutajwa kwa Kifaransa. Mkimaliza kuongea, andika ujumbe mfupi wenye tarehe na kiasi kwa tarakimu, umwombe athibitishe. Na tarakimu zenyewe ziangalie: anayeandika Kifaransa hutumia mkato pale sisi tunapoweka nukta, kwa hiyo "12,500" kwake inaweza kuwa kumi na mbili na nusu. Bilioni yetu yeye huiita "milliard", na neno lake "billion" ni trilioni nzima. Kwa barua zenye faranga za Kongo jambo hilo si dogo.

Kumbuka pia kwamba mtego unafanya kazi ukirudi upande wa pili. Mkimwandikia mteja huyo kwa Kiingereza kwamba "we will eventually release the container", yeye anaweza kusoma kwamba labda mtaliachia kontena, labda hamtaliachia. Na mkiandika "definitely", macho yake yataona "définitivement", ambayo ni "moja kwa moja, bila kurudi". Kwa msomaji wa Kifaransa, andikeni Kiingereza chenye tarehe na vitenzi vifupi. "We ask" badala ya "we demand", "now" badala ya "actually", na siku ya mwezi badala ya "eventually". Barua itaonekana ya kawaida mno, na ndivyo inavyofaa.

Njia hizi zina mpaka. Zinakamata maneno yanayofanana sura tu. Hazitakukamatia "mise en demeure", wala sentensi ambayo tafsiri yake imeruka neno la kukanusha. Kwa hiyo barua ikiwa na maneno hayo, au ikitaja mahakama, bima, fidia, mabadiliko ya akaunti ya benki au kipengele cha mkataba, usiimalize mezani kwako. Ipeleke kwa mfasiri anayefanya kazi hiyo kwa riziki, uketi naye, umpe na barua zilizotangulia, maana barua moja bila historia yake humpotosha hata mfasiri mzuri. BAKITA hutoa huduma za tafsiri. Kwa mambo ya mkataba na Kongo, mwoneni pia wakili, kwa kuwa nchi hiyo iliingia mwaka 2012 katika OHADA, umoja wa sheria za biashara ambao sehemu kubwa ya wanachama wake huandika kwa Kifaransa, na maneno yake yana maana za kisheria ambazo kamusi ya kawaida haizitoi. Kama mna wateja wengi wa kule, mpelekeni kijana wenu Alliance Française akaendelee alipoishia. Ana msingi, na mtu aliyeumwa na neno hulikumbuka.

Nani amekosea? Kijana alikosea maneno manane, lakini ofisi ilimpa kazi ya mfasiri bila mtu wa kumrudia, na bosi alijibu barua kali bila kumwita mteja kwenye simu. Usimwachie kijana mzigo wote. Na leo, kabla ya kubishana na mteja juu ya storeji, mtumie hii:

```
Bonjour Monsieur,
Nous avons mal traduit votre message. Veuillez nous en excuser.
Qui nous apportera les documents originaux, et à quelle date ?
```

Inasema kwamba tulitafsiri vibaya ujumbe wako, utuwie radhi. Nani atatuletea nyaraka halisi, na tarehe gani? Chini yake ongeza idadi ya siku za bure na tarehe zilipokwisha, kwa sababu hilo ndilo alilowauliza tangu mwanzo na bado hajajibiwa. Akikutajia dereva, omba jina lake na namba ya gari. Mzigo wa storeji mtaugawana vipi ni mazungumzo ya bosi wako na yeye, na nadhani yataenda vizuri zaidi kama bosi ataanza kwa kumsomea sentensi ya pili kwa maana yake halisi: "hatujui siku za bure ni ngapi."